Msamaha si barua ya mwalimu mkuu

Swali la wiki: "Ukikosana na rafiki, utamwomba msamaha kwa lugha yako au kwa lugha yake?"

Kwa lugha yake, na hapo sina ubishi. Ninayetaka kumzungumzia ni yule anayeitwa katikati atafsiri, maana mwaka jana nilikuwa mimi.

Wote wawili ni marafiki zangu. Mmoja ni wa Buruburu: kazini Kiingereza, mtaani Sheng. Mwenzake ni mkubwa kwake, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Pangani. Kwenye kikao cha chama huyu wa Buruburu alimwambia mwenzake, mbele ya wote, kwamba yeye kazi yake ni kula zamu za watu bila kutoa mchango. Kumbe mchango ulikuwa umeshaingia kwenye simu ya mwekahazina tangu asubuhi. Yule mama akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu hapo simu hapokei.

Dada wa Buruburu akaandika msamaha kwa Kiingereza, akautafsiri mwenyewe, kisha akanitumia niunyooshe:

"Ningependa kuomba radhi kwa dhati kwa maneno yaliyotamkwa, kama yalikuudhi. Nathamini sana urafiki wetu na ninakupa nafasi unayohitaji. Niwie radhi."

Simlaumu. Sisi tuliosoma Nairobi, Kiswahili cha kuandika tulikipata kwenye insha, anwani mbili na "mint" katikati, na msamaha wa mwisho tuliouandika ulikwenda kwa mwalimu mkuu wa kubuni. Mdomoni tuna Sheng, mkononi tuna barua rasmi.

Nilianza na "maneno yaliyotamkwa". Yalitamkwa na nani? Na redio? Nikamwambia aandike "nimekukosea", kwa sababu ndani ya neno hilo moja yumo aliyekosa na yumo aliyekosewa, hakuna pa kujificha. "Nilikukosea" pia ni sawa, ila inasikika kama jambo lililokwisha, na hili lilikuwa bado bichi. Halafu ile "kama yalikuudhi". Mtu amebeba mkoba ameondoka, wewe bado unauliza kama aliudhika? Nikaifuta.

Akapendekeza tuanze na "pole sana kwa yaliyotokea". Hapo ndipo Kiingereza humponza mtafsiri, kwa sababu neno lao moja hubeba kuhurumia na kutubu. Kwetu pole humfikia mtu aliyenyeshewa, aliyefiwa, hata anayetoka kazini amechoka, na anayeitoa hana hatia yoyote. Ukimpa pole mtu uliyemwaibisha wewe mwenyewe, umejiweka kwenye kundi la majirani waliokuja kutazama.

Iliyonisumbua zaidi ni "ninakupa nafasi unayohitaji". Kwa Kiingereza ni upole, kumwacha mtu apumue. Lakini mama wa Pwani akiisoma atasema: huyu ameshaniaga. Kwake anayejali huja mlangoni, hata kama atakaa barazani bila kukaribishwa chai. Na "nathamini urafiki wetu" nikaiondoa nzima, kwa sababu ni maneno ya cheti. Mahali pake nikamtaka aseme atakachofanya, kwa kuwa aibu ilipatikana hadharani na haiwezi kufutwa kwenye simu ya mtu mmoja. Tukafika hapa:

"Dada, nimekukosea. Nilisema mbele ya wenzetu kwamba hujatoa mchango, na ulikuwa umetoa. Kikao kijacho nitawaambia wote kwamba nilikusingizia. Nitapita kwako Jumamosi jioni, ukiniruhusu. Niwie radhi."

Mtaona "niwie radhi" imebaki. Mimi niliikata, nikaweka "nisamehe" tupu. Yeye akakataa katakata: "Yule ni mkubwa wangu, siwezi kumwandikia kama msee wa stage." Nikaona anarudi kwenye insha, nikamwachia, ujumbe ni wake.

Basi yule mama hakujibu kwa maandishi. Alipiga simu usiku, na kabla ya salamu akasema, "Umesema nikuwie radhi. Nimekuwia." Kisha akaanza kumgombeza vizuri, kidugu, karibu nusu saa, jambo ambalo kwa wanaomjua ni dalili njema. Neno nililoliona gumu kuliko yote ndilo alilolishika.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika jibu hili nilitaka kusema ondoeni urasmi wote, na sasa siwezi. Yaliyokuwa makavu pale ni yale yaliyomficha mkosaji. Ile ya heshima ilikuwa na joto lake, ila kwa mtu aliyekulia inakosemwa, na aliyekuzidi umri. Sina hakika ingefaa bila ile sentensi ya kikao kijacho kutangulia. Na kwa wa rika langu kule Kayole, akiniandikia "niwie radhi", nitamuuliza kwanza nani kafa.

Msomaji, Umoja