Mistari minne ukutani: jinsi ya kuonesha msimbo kwenye slaidi

Mara yangu ya kwanza kuonesha msimbo mbele za watu ilikuwa kwenye ukumbi mmoja Kijitonyama, saa nane mchana, pazia jepesi na feni inazunguka kivivu. Nilibandika programu nzima, mistari 46, kwa herufi za pointi 12, kwenye mandhari nyeusi niliyoizoea kwenye laptopu. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Nikafurahi, nikajua swali limekuja. "Kijana, hayo ni maandishi au projekta ndiyo inaanza kufa?"

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaoanza kualikwa kuzungumza, nitawaeleza jinsi nilivyokuja kuitengeneza upya slaidi ileile. (Nasema msimbo. Maofisini wengi tunasema kodi, ila mwambie mama mwenye duka kwamba umekuja kumwonesha kodi uone atakavyozitafuta risiti za EFD.)

Programu yenyewe ilisoma mauzo ya duka kutoka kwenye faili la CSV na kutaja mauzo makubwa kuliko yote ya siku. Faili lilikuwa na 900, 1500 na 12000, nayo ikajibu 900. Hilo kosa ndilo nililotaka watu walione. Nilianza kwa kujiuliza: mtu akiwa haoni chochote isipokuwa sehemu hii, ataligundua? Mistari ya `import` haimsaidii, kutafuta jina la faili hakumsaidii, wala mapambo ya kuchapisha ripoti. Nikafuta, nikafuta, ikabaki hii:

```python
for mstari in csv.DictReader(f):
    kiasi.append(mstari["kiasi"])
# ...
print(max(kiasi))
```

Pale nilipokata nimeweka `# ...` na si nukta tatu peke yake. Kwenye Python nukta tatu zikiwa peke yake ni msimbo halali, na mgeni anaweza kudhani zina kazi. Ukianza na alama ya maoni, kila mtu anaelewa kuna kitu kimerukwa. Programu kamili nawapa pembeni, kwa wanaotaka kuiendesha nyumbani.

Mistari ikishapungua, herufi zinapata nafasi ya kukua. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint, ile pana ya 16:9, ina upana wa pointi 960. Ukitumia Consolas ya pointi 28, kila herufi inachukua pointi 15 na kitu kidogo. Ukiacha pambizo ya pointi 50 kila upande, unabaki na nafasi ya herufi kama 55 kwa mstari. Mstari wangu mrefu kuliko yote hapo juu haufiki hata 40. Ukiona mstari hauenei, usipunguze herufi. Ukate mahali panaporuhusiwa, ndani ya mabano kwa mfano, au fupisha jina la kigeu.

Fonti iwe ya upana sawa, ambayo `i` na `m` huchukua nafasi ileile. Kwenye Python hili si urembo, maana nafasi nne za mwanzo wa mstari ndizo zinazosema mstari uko ndani ya `for` au nje. Kwenye fonti ya barua, nafasi hizo nne hujibana na kuonekana kama mbili, na `l` ndogo hufanana na `I` kubwa. Consolas inatosha kabisa. Courier New siipendi ukutani: ni nyembamba mno, projekta dhaifu inaila. Nazo zile fonti zinazounganisha `!=` kuwa alama moja nzuri ya kutokuwa sawa, zimeni huo muunganiko. Mwanafunzi ataitafuta alama hiyo kwenye kibodi yake asubuhi nzima.

Rangi ndipo wengi mnapoangukia. Projekta haina mwanga mweusi. Panapotakiwa pawe peusi, yenyewe haimuliki, basi, na ukuta unabaki na rangi ya ukuta. Mchana wa Dar, madirisha yakiwa wazi kwa sababu kiyoyozi hakifanyi kazi, mandhari nyeusi huwa kijivu na maoni ya kijivu hupotelea humo. Tumia mandhari nyeupe na maandishi ya giza. Kwenye VS Code bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+T, chagua `Light Modern`, ndipo unakili. Ukibandika kwenye PowerPoint chagua `Keep Source Formatting`, rangi zitakuja zenyewe. Usipige picha ya skrini: ukiikuza inakuwa na ukungu, na siku ukiona kosa la tahajia huwezi kulirekebisha.

Hata hivyo, rangi za kihariri zimetengenezwa kwa ajili ya mwandishi anayeangalia mamia ya mistari. Kwa mistari minne mimi huacha tatu tu: maneno ya lugha kama `for`, maandishi yaliyo ndani ya nukuu, na maoni. Mengine yote yawe ya giza. Na usiegemee nyekundu dhidi ya kijani kumwambia mtu kipi kibaya na kipi kizuri. Wako wasiozitofautisha, na hawatakwambia. Weka wino mzito kwenye sehemu inayobadilika.

Kosa lenyewe nalionesha kwa slaidi tatu. Ya kwanza ina mistari yote, nayo naisoma kwa sauti. Ya pili nimeifanya kwa Ctrl+D: kila kitu nimekififisha isipokuwa mstari wa pili. Hapo naeleza kwamba `csv` inarudisha maandishi, si namba, kwa hiyo "900" na "12000" zinalinganishwa kama maneno ya kamusi, na 9 inaishinda 1. Ya tatu ina badiliko moja:

```python
    kiasi.append(int(mstari["kiasi"]))
```

Slaidi tatu badala ya uhuishaji, kwa sababu kazi yangu naibeba kama PDF, na PDF haibebi uhuishaji. Kwa nini PDF? Kuna siku nilikwenda na flashi tu, nikatumia kompyuta ya ukumbini. Fonti yangu haikuwamo, ikawekwa nyingine, na nafasi zote za mwanzo wa mistari zikavurugika mbele ya watu.

Jambo jingine dogo linalouma. Ukirekebisha msimbo kwa mkono ndani ya PowerPoint, inazipinda nukuu zako kimyakimya. Kijana mmoja alinakili kutoka kwenye slaidi zangu akapata `SyntaxError: invalid character`, akahangaika jioni nzima. Zima hilo kwenye `AutoCorrect Options`, au rekebisha kwenye kihariri kisha ubandike upya.

Niliporudi na slaidi hizi, ukumbi mwingine lakini pazia lilelile, nilifika mapema nikasimama ukutani nyuma kabisa nikazisoma mwenyewe. Katikati ya maelezo, dada mmoja aliyekaa karibu na mlango, mbali kabisa na ukuta, akauliza: "Kaka, hapo kwenye `int`, mwenye duka akiandika 1,500 kwa mkato itakuwaje?" Sikuwa na slaidi ya hilo. Nikafungua terminali, ambayo herufi zake nilishazikuza, nikaandika `int("1,500")`, na wote tukasoma pamoja:

```
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '1,500'
```