Ndege wanne au ndege wa nne? Kufundisha nafasi kwa mchezo wa foleni

Mara ya kwanza kuchezesha mchezo huu niliharibu kwa sentensi moja. Watoto kumi walikuwa wamepanga foleni vizuri, nami nikasema, "Wa tatu, kaa chini!" Wakakaa watatu wa mbele, wote kwa pamoja, wameridhika kabisa.

Hawakukosea sana. Ukitamka "wa tatu" na "watatu", sikio halipati tofauti, kwani iliyopo ni ya nafasi tu kwenye maandishi. Mtego huo uko kwenye namba nne kati ya kumi: tatu, nne, tano na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazina shida, maana tunasema "watoto sita" bila kuongeza kitu, kwa hiyo "wa sita" inasikika peke yake. Kwanza na pili nazo zina majina yao tofauti. Zenyewe huleta kosa jingine, "wa moja" na "wa mbili", ambalo huisha lenyewe ukirudia lililo sahihi bila kelele. (Ndiyo sababu naishia kumi. Ukivuka hapo, moja na mbili zinarudi: wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Sasa naanza hivi. Naweka kiti kimoja mbele, ndiyo dirisha la tiketi. Bila kiti, nusu ya darasa itahesabu kutoka nyuma, na huwezi kuwalaumu. Watoto kumi wanasimama wakitazama kiti, wengine wanabaki kuwa watazamaji na ndio wanaojibu. Sitoi amri ya "kaa" tena. Nauliza maswali mawili yanayofanana kwa makusudi: "Foleni ina watu wangapi?" halafu, "Aliyevaa sweta ni wa ngapi?" Jibu la kwanza ni watu kumi, la pili ni mtu mmoja. Nawataka wajibu kwa sentensi nzima, "Yeye ni wa tano", kwa sababu hilo "yeye ni" ndilo linaloonyesha kwamba tunamsema mmoja.

Usiwavishe watoto kadi za namba shingoni. Niliwahi kufanya hivyo. Nilipomtoa wa pili kwenye foleni, binti aliyekuwa nyuma yake alisogea mbele, akaniambia bado yeye ni wa tatu, na akanionyesha kadi. Kwake namba ilikuwa jina. Ukitaka kadi, zibandike sakafuni, 1 karibu na kiti hadi 10 mwisho, watoto wasogee juu yake. Hapo wa pili akitoka, wa tatu anakanyaga 2, wa nne anakanyaga 3, mpaka kadi ya 10 inabaki tupu. Aliyetoka anaenda kuijaza. Uliza: nani hakubadilisha nafasi? Ni wa kwanza peke yake, na watoto hulipenda sana swali hilo.

Wakishazoea, hamisha kiti kiende upande wa pili, watoto wageuke pale pale walipo, na kadi uziondoe. Wa kwanza sasa ni wa kumi, wa tatu amekuwa wa nane, wa tano amekuwa wa sita. Usieleze kanuni. Waache wahesabu upya kuanzia kwenye kiti.

Karatasi ya mazoezi naifanya fupi, maswali manne tu. Juu nachora viti kumi kwa mstari na mlango upande wa kushoto, chini ndege kumi wanaoutazama mlango kama huo.

1. Paka rangi kiti cha nne kutoka mlangoni.
2. Paka rangi ndege wa nne kutoka mlangoni.
3. Zungushia duara ndege wanne wa mwisho.
4. Kati ya ndege wa tatu na wa saba kuna ndege wangapi?

Viti vinatangulia kwa sababu "kiti cha nne" na "viti vinne" havichanganyiki hata kidogo. Ndege ni yule yule awe mmoja au wengi, kwa hiyo swali la pili ukilisoma kwa sauti tu, mtoto ana haki ya kupaka wanne. Wape karatasi mkononi, waonyeshe pengo kati ya "wa" na "nne", kisha wapake.

Ukisahihisha, linganisha la kwanza na la pili. Aliyepata kiti lakini akapaka ndege wanne anaijua nafasi, kilichomshinda ni kusoma. Aliyepaka viti vinne mrudishe kwenye foleni. Na anayejibu "wanne" kwenye swali la mwisho kwa kawaida ametoa tatu kwenye saba. Msimamishe awe wa tatu, mwenzake awe wa saba, awahesabu kwa kidole waliosimama katikati yao: wa nne, wa tano, wa sita.