Mume amepata shule Kanada: watoto watasoma, lakini wewe utafanya kazi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Katuba amenitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara mbili, maana sauti yake ilinikumbusha yangu ya zamani. "Yaya, mume wangu amepata nafasi kwenye koleji moja ya Kebeki, masomo ya miaka miwili. Yule anayetushughulikia faili anasema nikifika tu napewa kibali cha kazi, na watoto wanaingia shule bila shida. Anataka malipo ya pili kabla ya mwisho wa mwezi. Tuuze kiwanja?"

Mdogo wangu, watoto ndiyo. Wewe hapana. Na kiwanja kiache kwanza.

Hapa Lubumbashi watu wengi wanadhani mke na watoto wanaingia kwa mlango mmoja, kwamba baba akipata viza ya masomo wote nyuma yake wamepata haki zile zile. Sivyo. Haki ya mtoto kusoma imeandikwa ndani ya sheria yenyewe ya uhamiaji ya Kanada, kifungu cha 30. Mtoto ambaye hajafikia umri wa utu uzima, na ambaye mzazi wake mmoja ameruhusiwa kusoma au kufanya kazi kule, anaweza kusoma chekechea, msingi na sekondari bila kuomba kibali cha masomo. Sheria haiulizi baba anasoma nini. Awe anasomea udaktari wa falsafa au ufundi wa friji, mtoto wake anaingia darasani.

Haki ya mke inategemea kabisa anachosoma mume. Na hapo ndipo mambo yamegeuka, huku watu wa mafaili wakiendelea kuuza habari za zamani.

Sisi tulikwenda kabla ya mabadiliko. Mume wangu ni mtu wa chuo kikuu, alikwenda kufanya doktora, mimi nilikuwa mwalimu hapa Kamalondo. Wakati ule mke wa mwanafunzi karibu yeyote wa muda wote aliweza kupata kibali cha kazi kilicho wazi, yaani kisichomfunga kwa mwajiri mmoja. Jirani yetu kule, mke wa kijana wa koleji, alikuwa nacho kama mimi. Ndiyo maana habari hiyo imerudi hapa na kuwa kama Injili. Lakini Machi 2024 mlango ulipunguzwa, na tangu tarehe 21 Januari 2025 umebana zaidi: mume awe anasoma doktora, au maîtrise, yaani shahada ya uzamili, ya miezi 16 na zaidi, au moja ya fani chache zilizotajwa, kama utabibu, uuguzi, sheria, ualimu au uhandisi kwa kiwango cha digrii. Diploma ya koleji ya miaka miwili, kwa kawaida, haimo. Anayekuambia imo, mwambie akuonyeshe palipoandikwa.

Mambo ya alama za vidole Kinshasa na miezi ya kungoja nayaruka, kila mtu anayajua na hayana utamu. Niwapeleke moja kwa moja uwanja wa ndege, kwa sababu kibali chenyewe hakitoki Kinshasa. Kwenye pasipoti unabandikiwa viza, na unapewa barua inayosema ombi lako limekubaliwa. Kibali kinachapishwa na afisa siku unayoingia, na unaondoka nacho mkononi. Kilichoandikwa pale ndicho utakachoishi nacho.

Nilikuwa na watoto wawili, mdogo amelala begani, mkubwa analia njaa. Afisa akanisukumia karatasi na kumwita mtu wa nyuma yangu. Mimi sikuondoka. Nilisimama pale pale dirishani nikasoma mstari kwa mstari, watu nyuma wakiguna. Chini kabisa kwenye masharti palikuwa na maneno yanayonikataza kufanya kazi kwenye malezi ya watoto, kufundisha shule za msingi na sekondari, na kazi za afya. Mwalimu wa miaka mingi! Masharti hayo huwekewa mtu ambaye hajapimwa na daktari aliyeorodheshwa na Kanada. Mimi nilikuwa nimepimwa, na karatasi ya vipimo yenye namba yake ilikuwa kwenye mkoba, si kwenye sanduku. Nikaitoa. Akaangalia kwenye kompyuta, akakubali, akachapisha kibali kingine bila maneno yale. Ilichukua muda mfupi sana. Ningetoka nje ya ukumbi ule, ningelazimika kuomba masharti yabadilishwe, kulipa tena na kungoja tena.

Najivunia siku ile, sioni haya kusema. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulea watoto shuleni kabla na baada ya masomo, kazi ambayo shule za Kebeki zinatafutia watu kila mwaka. Kwa kibali cha kwanza isingewezekana. (Kufundisha darasani ni habari nyingine, kunahitaji idhini ya wizara yao ya elimu. Kibali cha uhamiaji hakikupi leseni ya taaluma, na wauguzi walisikie hilo pia.)

Nikiwa bado dirishani nikauliza habari za watoto. Hapa, mama zangu, fungueni macho. Mtoto anayeingia bila kibali cha masomo anaingia kama mgeni. Mgeni asiyeandikiwa tarehe ana miezi sita tu, hata kama baba yake ana kibali cha miaka minne. Hakuna atakayekukumbusha. Mtoto anakwenda shule, analeta bulletini nzuri, na mwezi wa saba amekwisha kuwa mtu asiye na ruhusa ya kukaa. Niliomba wote wawili waandikiwe fishi ya mgeni, karatasi inayotaja tarehe ya mwisho, ilingane na ya baba yao. Afisa ana uhuru wa kukataa, lakini wangu alikubali. Akikataa, unaomba kurefusha ukiwa ndani, kabla miezi sita haijaisha, kwa dola 100 za Kanada kwa mtoto. Wengine wanaona heri kumwombea mtoto kibali cha masomo tangu mwanzo, dola 150, ili tarehe iwe wazi. Halazimiki, lakini si pesa ya kutupwa, hasa kwa kijana wa miaka 17: akifika utu uzima, ambao Kebeki ni miaka 18, lazima awe na kibali chake ili aendelee kusoma.

Shuleni kwenyewe hatukusumbuliwa. Shule ya umma Kebeki haikutulipisha ada ya masomo. Walitaka vyeti vya kuzaliwa, vibali vyetu na uthibitisho wa anwani tunapoishi. Wangu mkubwa cheti chake kilikuwa cha hukumu ya mahakama, kwa sababu hakuandikishwa kwa wakati, na tuliitengeneza hapa kabla ya safari. Fanyeni hivyo. Darasa wanaangalia umri: aliyetimiza miaka 6 ifikapo tarehe 30 Septemba anaanza la kwanza. Bulletini zetu walizitazama, wakashukuru, wakampanga kwa umri.

Kuna jambo bado linaniuma, nalo ni pasipoti. Yangu niliichukua kwa ajili ya safari za Zambia na Afrika Kusini, wakati nikileta nguo. Ilikuwa imebakiza muda mfupi kuliko ya mume wangu. Kibali cha kazi hakiwezi kuvuka tarehe ya mwisho ya pasipoti, kwa hiyo changu kikaisha mapema, cha mume kikiwa bado kinaendelea. Kilichoniokoa ni kanuni moja. Ukiomba kurefusha kabla kibali hakijaisha, unaruhusiwa kuendelea na kazi kwa masharti yale yale mpaka jibu litoke, mradi hutoki nje ya nchi. Mkuu wangu wa kazi hakuijua kanuni hiyo, akataka kunisimamisha. Nikamwekea mezani risiti ya maombi yenye tarehe. Wanawake wa Lubumbashi tunaelezwa sana na waume, na shemeji, na mchungaji. Kibali ni jina lako. Kisome wewe.

Sasa nirudi kwa dada yetu wa Katuba, tupige hesabu. Tuseme mume anaanza koleji Septemba 2026 na kumaliza mwaka 2028. Miaka hiyo yote mke anaweza kuwa kule kama mgeni tu, kama watampa viza ya mgeni. Kusuka watu nywele sebuleni kwa malipo ni kazi, na kazi bila kibali huharibu faili la familia nzima. Watoto wanasoma. Mume akimaliza, kama fani yake iko kwenye orodha inayokubaliwa, anaweza kupata kibali cha kazi cha baada ya masomo cha miaka mitatu, tuseme Julai 2028 hadi Julai 2031. Hapo mlango wa mke unaweza kufunguka, kwa masharti mawili. Kwanza, kazi ya mume iwe ya TEER 0 au 1, yaani ngazi za juu katika mpangilio wa Kanada wa kazi kwa ujuzi na elimu, au zile zilizochaguliwa za TEER 2 na 3, kama baadhi ya kazi za afya, ujenzi na elimu. Kufagia ofisi au kukaa kwenye kaunta ya duka haihesabiki. Pili, siku mke anapoomba, kibali cha mume kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Toa miezi 16 kutoka Julai 2031, unafika Machi 2030. Mume akipata kazi nzuri Mei 2030, kwa kibali kile mke amechelewa, hata barua ya mwajiri iwe nzuri namna gani.

Ndiyo maana nilimuuliza swali ambalo mtu wa faili hakumuuliza: mume wako amesoma nini hapa? Akajibu, lisansi ya UNILU, miaka mitano. Mtu mwenye lisansi anarudishwa kwenye diploma ya koleji kwa nini? Sitaki kumsingizia mtu, lakini kuna koleji zinazolipa kamisheni kwa kila kichwa kinacholetwa.

Mume huyo aandike mwenyewe kwa vyuo vikuu, aombe maîtrise. Kabla ya kulipa hata senti, aombe barua ya nafasi itaje urefu wa programu kwa miezi. Maîtrise ya mwaka mmoja haifikii 16, na zipo nyingi za namna hiyo. Akipata ya miezi 16 au zaidi, mke anaweka ombi la kibali chake pamoja na la mume, na akipimwa na daktari wa orodha anaingia kule akiwa na ruhusa ya kazi tangu siku ya kwanza. Dada amesema watazungumza usiku wakila bukari. Malipo ya pili bado hawajatoa.