Barua ya udhamini wa kombe la kata: iende meza gani, iombe nini

Msomaji mmoja wa Mbagala kanitumia barua yake ya kuomba udhamini wa mashindano ya ndondo. Aliipeleka kwa kampuni ya maji ya chupa, wiki tano zimepita, na kila akipiga simu mapokezi anaambiwa "bado ipo kwa bosi". Ukweli ni kwamba haiko kwa bosi. Barua ya namna ile haifiki huko, na ukiisoma utajua kwa nini.

Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inaendelea na aya mbili za kuwatoa vijana vijiweni, kisha inaomba "msaada wa hali na mali". Kiasi hakikutajwa, na wala haisemi kampuni itapata nini. Imeelekezwa kwa "Mkurugenzi". Afisa aliyeipokea hana la kufanya nayo ila kuiweka kwenye faili la maombi ya misaada, pamoja na za harambee na za kuezeka paa la ofisi ya mtaa.

Kampuni nyingi zina mifuko miwili ambayo haichanganywi. Upo wa kusaidia jamii, ambao mara nyingi umeshapangiwa elimu, afya na mazingira, na mpira wa mtaani unaupata kwa bahati tu. Upo pia wa masoko, ambao kazi yake ni kuuza. Kombe la kata linaishi kwenye mfuko huu wa pili. Kwa hiyo barua iandikwe kwa Meneja Masoko, na iandikwe kama biashara: sisi tuna watu, ninyi mna bidhaa, bei ni hii. Ukiandikia tawi, ujue meneja wa tawi kwa kawaida hana mamlaka ya kutoa pesa kubwa. Anaweza kukupa mipira, maji au turubai. Mamilioni yanaamuliwa makao makuu.

Muda nao una kazi yake. Mabenki yetu mengi yanafunga mwaka wa fedha Desemba 31, na Vodacom Tanzania hufunga Machi 31. Ukipeleka barua mwezi mmoja kabla ya mechi ya ufunguzi, hata meneja aliyekupenda hana kasma ya kuchotea. Uliza mapokezi mwaka wao unaanza lini, kisha peleka barua miezi mitatu hadi minne kabla ya mashindano. Bajeti ikiwa bado inaandikwa, hapo ndipo penyewe.

Sasa turudi kwa huyu wa Mbagala. Anasema timu 16, makundi manne, mechi Jumamosi na Jumapili tu, mbili kwa siku, yote kwa mwezi mmoja. Hesabu hiyo inakataa. Kundi la timu nne lina mechi 6, makundi manne 24. Ongeza robo fainali 4, nusu fainali 2, mshindi wa tatu na fainali, unapata 32. Wikiendi moja inabeba mechi 4, kwa hiyo makundi peke yake yanakula wikiendi sita. Weka robo wikiendi ya saba, nusu ya nane, fainali ya tisa. Akitaka mwezi mmoja kweli, acheze mtoano tangu mwanzo, mechi 16, au aingize na siku za kazi. Mtu wa masoko anaifanya hesabu hii kwa dakika mbili, na akiona haikai sawa, hata idadi ya mashabiki uliyoandika haiamini tena.

Saa pia zikae. Mechi ya kwanza ianze saa 8:15 mchana, iishe saa 10:00. Ya pili ianze saa 10:15, iishe saa 12:00 jioni. Mwezi Juni Dar es Salaam giza linakuja mapema, kwa hiyo andika kwenye kanuni kwamba hakuna muda wa nyongeza, ni penalti moja kwa moja. Mdhamini hataki fainali iliyobeba jina lake imalizikie kwenye mwanga wa tochi za simu.

Idadi ya mashabiki ndiyo bidhaa unayouza, na ndiyo inayodanganywa kuliko zote. "Zaidi ya watu 10,000" kwa uwanja wa shule usio na jukwaa, nani atakubali? Hesabu hivi. Nenda kwenye mechi yoyote kubwa ya mtaa kwenye uwanja uleule, subiri mapumziko ya mechi ya pili, pima kwa hatua mita 10 za pembeni mwa uwanja, na uhesabu waliosimama hapo. Watu wakiwa mistari mitatu na kila mmoja kachukua nusu mita, mita 10 zina watu 60. Kama pande mbili ndefu zimejaa, mita 100 kila moja, na nyuma ya goli moja wamesimama mita 40, una mita 240, yaani vipande 24. Mara 60 ni watu 1,440. Andika "watu kama 1,400 kwa mechi ya pili", weka picha, na eleza ulivyohesabu. Namba ndogo yenye maelezo inaishinda 10,000 ya kubuni, kwa sababu meneja atalazimika kuitetea mbele ya mkuu wake.

Halafu pesa. Tuseme mashindano haya yenye mechi 32 yanagharimu shilingi 12,800,000. Hizi ni bei za mfano, za kwako zitoke dukani. Seti 16 za jezi kwa 280,000 ni 4,480,000. Waamuzi, 70,000 kwa mechi, ni 2,240,000. Zawadi, vikombe na medali 3,240,000. Mipira minane 440,000. Inayobaki, 2,400,000, ni huduma ya kwanza, chokaa, nyavu, ulinzi, spika na mabango. Usimwombe mtu mmoja zote. Ada ya timu, 100,000 kila moja, inaleta 1,600,000. Wadhamini wadogo wawili wa milioni mbili mbili ni 4,000,000. Vibanda vya chakula na vinywaji 1,200,000. Mdhamini mkuu anabakiwa na 6,000,000, na anaona mwenyewe kwamba habebeshwi mzigo wote.

Kwa kampuni ya maji, ongeza ombi la maji yenyewe, lakini kwa hesabu. Mechi 32, timu mbili, watu 18 kwa timu pamoja na benchi, chupa mbili za nusu lita kila mtu: chupa 2,304. Katoni ikiwa ya chupa 12, ni katoni 192. Omba 200, waamuzi nao wanakunywa. Hapo umeomba kitu ambacho kwao ni rahisi kutoa kuliko pesa taslimu, na kila picha ya mapumziko itakuwa na chupa yao ndani.

Aya ya kwanza ya barua, baada ya "YAH: UDHAMINI MKUU WA KOMBE LA KATA, TIMU 16, JUNI HADI JULAI", ingesomeka hivi:

"Tunawapa nafasi ya kuwa mdhamini mkuu wa mashindano ya timu 16 za kata yetu, mechi 32 kwa wikiendi tisa, yenye watazamaji kama 1,400 kwa mechi ya pili ya kila siku. Tunaomba shilingi 6,000,000 na katoni 200 za maji. Kampuni yenu itapata jina la kombe, nembo kifuani kwa timu zote 16, mabango sita ya mita 3 kwa 1 uwanjani, na haki ya kuwa maji pekee yanayouzwa eneo la mashindano."

Umemaliza. Aliyesoma sentensi hizo tatu anajua kama aendelee au aache. Zinazofuata ni tarehe na uwanja, jedwali la bajeti, na namba ya simu inayopokelewa. Barua ukurasa mmoja, viambatisho viwili au vitatu. Ya vijana kuacha vijiwe inatosha sentensi moja, tena mwishoni.

Kila ulichoahidi uwe na uwezo wa kukitoa, na hapa wengi wanaumbuka. Unauza kifua cha jezi, siku ya mechi timu tatu zinatokea na jezi za kwao zenye nembo ya duka la simu. Ndiyo maana jezi ziko kwenye bajeti, na ndiyo maana kanuni iandikwe: timu isiyovaa jezi ya mashindano haichezi. Unauza haki ya maji pekee, kumbe muuza duka la geti la shule ana friji la kampuni shindani. Zungumza naye kabla ya kuandika barua, na kama hakubali, andika "ndani ya kamba za uwanja" badala ya "eneo la mashindano". Mabango yatazame upande wenye watu wengi na mpiga picha awe upande huohuo wa watu, la sivyo picha zote zitaonyesha migongo ya mabango. Na kama wachezaji wako ni chini ya miaka 18, kampuni za bia na za kubeti usiziandikie kabisa.

Viambatisho ndivyo vinavyotofautisha mashindano na maneno. Barua ya ofisi ya mtendaji wa kata, kibali cha chama cha soka cha wilaya (kwa Temeke ni TEFA), na ruhusa ya maandishi ya mwenye uwanja. Uwanja ukiwa wa shule, ni mwalimu mkuu, na tarehe ziwe zilezile za kwenye barua. Nimeona barua nzuri zikikwama kwa sababu kibali kinasema Mei na ratiba inasema Juni.

Kisha idara ya fedha. Wakikubali, watataka akaunti yenye jina la kamati au klabu iliyosajiliwa. Akaunti ya mwenyekiti binafsi au namba yake ya simu inaua mpango ulioshapita masoko. Kama hamjasajiliwa, msijifiche. Andikeni kwamba kampuni inaweza kulipa moja kwa moja kwa mwenye duka la jezi na mtengeneza vikombe, na muambatanishe profoma zao. Wahasibu wanapenda hivyo, maana risiti ya EFD inatoka kwa muuzaji na pesa haigusi mkono wa mtu.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Uliza imekwenda kwa nani, jina na cheo. Baada ya siku saba za kazi mpigie huyo mtu, si mapokezi, na umwulize swali linalojibika: "Tukutumie mchoro wa jezi yenye nembo yenu Jumatano?" Akisema ndiyo, mtumie Jumatano hiyo hiyo. Akisema bajeti imeisha, mwulize mwaka mpya wa fedha unaanza mwezi gani, andika kwenye daftari, kisha peleka barua kwa kampuni ya pili kwenye orodha yako. Hakikisha tu umebadilisha jina la kampuni kila mahali, hadi kwenye kichwa cha jedwali la bajeti.