Mteja anabadilisha kila siku, salio hatoi: nimjibuje?

"Wakuu, nimemtengenezea mzee mmoja wa Mbalizi nembo na lebo ya pakiti ya kahawa, gramu 250. Tulikubaliana WhatsApp laki nne, marekebisho mara mbili, akatoa laki mbili. Sasa tuko raundi ya tano na ameongeza lebo ya nusu kilo. Nimjibuje bila kumkosea adabu?"

Mkuu, usibishane naye kuhusu uzuri wa kazi, hapo hutoki. Chukua maombi yake yote uyagawe mafungu matatu. Kosa lako, mfano jina la Mbozi limeandikwa vibaya au kipimo hakikai kwenye pakiti, rekebisha bure hata kama raundi zimeisha. Yaliyomo ndani ya raundi mbili umeshayafanya. Yaliyobaki ni kazi mpya, yana bei yake. Ukianza kwa kukubali fungu la kwanza, hana pa kusema wewe ni mkaidi.

Kisha mwandikie ujumbe mmoja tu, usiutawanye vipande vipande:

"Shikamoo mzee. Kwa makubaliano yetu ya tarehe 3 Machi (nimeambatisha), kazi ilikuwa nembo moja, lebo ya gramu 250 na marekebisho mara mbili. La pili nilikutumia tarehe 20. Neno lililokosewa nimelisahihisha, halina gharama. Rangi mpya na lebo ya nusu kilo ni kazi ya ziada, sh. 80,000, nitaanza ukitoa nusu. Salio la sh. 200,000 naomba kufikia Ijumaa tarehe 11. Likiingia, faili za kuchapia unazipata siku hiyohiyo."

Tatizo lako lipo raundi ya tatu na ya nne. Kama ulijibu "sawa mzee, nafanya", atadai kikomo mlishakiondoa wenyewe. Ongeza sentensi moja: hizo mbili zilikuwa hisani, hazikubadili makubaliano.

Kama huna uhakika hajaridhika kweli au anakuzungusha tu, mwombe orodha yote kwa mara moja. Asiyeridhika ataleta orodha. Anayekuzungusha atakwambia "bado haijanivutia", kesho alete kitu kingine.

Mpaka alipe, mwoneshe PDF yenye neno SAMPULI limepita katikati. Mazungumzo yote yatoe kwa Export chat, uyahifadhi na picha zake, wala usifute chochote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kuwa ushahidi, kwa hiyo akigoma kabisa, deni hilo unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo.

Na kama faili za kuchapia ulishampa, pita Mwanjelwa uangalie madukani. Ukikuta pakiti zina lebo yako, inunue moja, omba risiti, piga picha. Mtu anayeuza kahawa kwa lebo hiyo atapata shida kueleza kwamba kazi hajaipokea.