Suruali Pana na Blauzi Fupi kwa Sisi Wafupi

Nina futi tano kamili, na nguo ninazovaa zaidi hapa Kisumu ni suruali pana za kitambaa chepesi, kwa sababu ya joto. Mara nyingi naambiwa kwamba suruali hizo ni za wanawake warefu. Sikubali. Kinachomfanya mfupi aonekane amemezwa na suruali si upana wake, ni mahali blauzi inapoishia.

Chukua tepu ujipime. Kwangu, kutoka begani karibu na shingo, ukipita juu ya kifua hadi kiunoni, ni inchi 15. Kutoka kiunoni hadi sakafuni ni 37. Nikivaa blauzi ya inchi 15 na suruali inayokaa kiunoni hasa, mtu anaona sehemu fupi juu na sehemu ndefu chini, na miguu yangu inaonekana mirefu. Nikivaa blauzi ya inchi 22 inayofika nyonga, zinabaki inchi 30 tu za suruali. Hapo juu na chini zinakaribiana, na mwili unakuwa kama umekatwa katikati. Suruali ni ileile.

Kwa hiyo blauzi iishie pale mkanda wa suruali unapoanzia, au iufunike kidogo, inchi moja hivi. Jihadhari na kifua, maana hunyanyua kitambaa. Blauzi iliyokatwa sawa mbele na nyuma itapanda mbele ukishaivaa, hasa ukiwa na kifua kikubwa. Ukiijaribu, jitazame kwa upande, kisha inua mikono kama unayeshika chuma cha juu kwenye matatu. Tumbo likionekana na hupendi, vaa singlendi ya rangi ya suruali ndani. Usiongeze urefu wa blauzi. Pia isiwe pana kama suruali, kwa sababu blauzi inayosimama mbali na mwili huficha kiuno, na kiuno ndicho kinachofanya kazi yote hapa.

Sasa suruali yenyewe. Pale soko la Kibuye, hasa Jumapili, mitumba mizuri ni mingi, lakini nyingi zilishonewa watu warefu. Kitu cha kwanza ninachopima ni umbali wa mbele kutoka pale mishono ya miguu inapokutana hadi juu ya mkanda. Kwangu inchi 11 zinatosha. Ikiwa 13, mkanda utafika karibu na mbavu, au nikiushusha kiunoni, kitambaa kitaning'inia katikati ya mapaja. Utaijua kwa mikunjo ya kulala inayojitokeza hapo ukisimama wima. Kasoro hii ni ngumu kurekebisha, kwa sababu fundi lazima abandue mkanda, afupishe zipu na asogeze mifuko. Fundi wangu huniambia tu, "Dada, hii rudisha."

Urefu na upana wa miguu, hayo ni mambo ya fundi. Suruali yangu ya kijani ilikuwa na inchi 42 kwa upande, kutoka juu ya mkanda hadi chini, pindo likiwa limefunguliwa. Nilienda kwa fundi nikiwa na viatu nitakavyoivalia, vyenye soli ya inchi moja. Nilitaka pindo liishie nusu inchi juu ya ardhi, yaani urefu uwe 37 na nusu. Ziada ni inchi nne na nusu, lakini moja na nusu ilikunjwa ndani kuwa pindo, kwa hiyo mkasi ulikata tatu tu. Kama kitambaa ni cha pamba, kitenge kwa mfano, kifue kabla hakijakatwa, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa na suruali itaanza kuonyesha vifundo vya miguu. Hapo miguu inafupika tena.

Kuhusu upana, ilaze suruali mezani upime mguu mmoja pajani, kisha chini. Yangu ilikuwa 12 pajani na 15 chini. Fundi alipunguza chini hadi 12, akitoa inchi moja na nusu mshono wa ndani na kiasi hichohicho mshono wa nje, ili mstari wa pasi ubaki katikati. Ukitoa upande mmoja tu, mguu unapinda. Bado ni suruali pana, ila inashuka wima. Zile zinazofunguka kuanzia gotini mimi siziangalii, kwa sababu mahali mshonaji alipoweka goti pataangukia chini ya goti langu, na ukikata chini unakata ule upana wenyewe ulioupenda.

Rangi hainisumbui sana. Blauzi ya rangi iliyo karibu na ya suruali inasaidia, na kiatu kilichofichwa na pindo kinasaidia zaidi. Ila ukipanda boda, kunja hizo suruali hadi magotini kabla dereva hajawasha, maana nusu inchi juu ya ardhi ni karibu sana na mnyororo.