Gunia halikaushi nafaka: kwa wewe unayeanza kuweka karanga na mahindi

Kama ndiyo kwanza umekodi chumba cha kuwekea mazao, nianze na karanga zilizonifundisha kazi. Mwaka wangu wa pili hapa Kongwa nilinunua gunia sita za karanga zilizokwisha kubanguliwa. Zilikuwa nono, nyekundu, zinang'aa. Nikazipanga chumbani, zimeegemea ukuta, nikangoja bei ipande. Wiki ya tano nilipenyeza mkono katikati ya gunia moja nikakuta joto, kama la kitumbua kilichofunikwa. Nilipolimwaga, karanga za katikati zilikuwa zimeshikana bonge moja kubwa, na juu ya bonge kuna vumbi la kijani linaloelekea manjano.

Mama aliyeniuzia hakunificha nilipomwendea. Walizinyunyizia maji usiku, wakabangua asubuhi. Ganda likilowa haliumizi vidole, na punje haipasuki, kwa hiyo hesabu ya debe inakuja nzuri. Baada ya hapo "zilipigwa jua kidogo". Hakuwa mwizi. Ndivyo wanavyobangua pale kwao, na mimi ndiye niliyenunua bila kuuliza.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa anayeniletea karanga si bei. Namuuliza: mmebanguaje? Akisema walilowesha, sichukui za kuweka. Nikichukua, ni za kuuza wiki hiyohiyo, na nazianika upya mbele ya macho yangu. Karanga za kukaa miezi nazitaka na maganda yake. Ganda zima lililokauka ni kinga ambayo huwezi kuinunua dukani. Bangua kadiri unavyouza. Na yale maganda yaliyokatwa na jembe wakati wa kung'oa, au yaliyotobolewa na mchwa, yatoe kabla ya kupima. Ukungu huingilia hapo.

Elewa kwa nini karanga ni kigeugeu kuliko mahindi. Ukungu unaotengeneza sumukuvu unaishi udongoni, na karanga inakomalia udongoni. Mara nyingi haisubiri stoo ndipo iambukizwe, inakuja na ukungu kutoka shambani, hasa pale mvua ilipokatika karanga zikiwa zinajaza. Mahindi nayo hupata ukungu huo yakiwa bado kwenye bua, zaidi yale yaliyotobolewa na wadudu au yaliyoangusha gunzi chini. Kwa hiyo usijidanganye kwamba stoo yako itayasafisha. Kazi ya stoo ni moja: kuunyima ukungu maji ili usiendelee.

Maji kiasi gani? Mahindi ya kuweka yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi, na karanga zilizobanguliwa asilimia 7. Kipimo cha mkononi kipo, wanunuzi wakubwa wa soko la nafaka la Kibaigwa wanacho, nawe ukiweza kukiazima, azima. Usipoweza, chukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa. Weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi, rudisha kwenye turubai. Ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15.

Soma tena hiyo namba. Chini ya 15, siyo 13. Wageni wengi wanakosea hapa: chupa inawaambia "tayari" nao wanafunga magunia jioni ileile. Mimi chupa ikishanikubalia naanika siku mbili tatu nyingine za jua. Halafu natumia mzani. Natenga kilo 10 za mahindi hayohayo kwenye kiroba, naanika pamoja na mengine, na kila jioni napima kile kiroba kabla umande haujaanza. Uzito ukishuka, bado maji yanatoka. Ukibaki palepale jioni mbili mfululizo katika kiangazi chetu hiki cha Julai, mahindi yametoa yanachoweza kutoa. Ujanja huu haufai mwezi wa mvua, kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji na uzito utasimama mahindi yakiwa bado mabichi.

Kwa karanga chupa haisaidii sana. Tikisa ganda sikioni: lililokauka linalia kama kayamba. Vunja, sugua punje kwa vidole. Ngozi yake nyekundu ikitoka kirahisi na punje ikikatika kwa mlio, sawa. Ikipinda, irudi juani.

Utakuta watu hawapendi kukausha hadi mwisho, na sababu wanaijua. Chukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za mahindi yenyewe, zilizobaki ni maji. Ukiyafikisha asilimia 13, mzani utasoma kilo 94 na kidogo. Karibu kilo sita zimepaa angani, na mkulima anayelipwa kwa kilo anaona umemwibia. Kwa hiyo wewe unayenunua panga bei mbili tangu mwanzo, ya makavu na ya mabichi, na uzitaje kabla gunia halijapanda mzani. Ukibembeleza bei moja kwa wote, utaletewa maji.

Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Tandaza unene usiozidi vidole viwili, geuza kila saa, na anua kabla jua halijazama hata kama mbingu ni nyeupe. Umande wa usiku mmoja unarudisha nusu ya kazi ya mchana. Mahindi yakiwa ya moto usiyajaze gunia papo hapo. Yaache yapoe, la sivyo yatatoa jasho humo ndani.

Kwenye chumba, magunia yakae juu ya chaga na yasiguse ukuta. Acha nafasi unayoweza kupita upande. Sakafu ya saruji inaonekana kavu lakini inavuta maji kutoka chini, na magunia yangu yale sita yalikuwa yamelala juu yake bila chaga. Bati nalo hutoa jasho alfajiri, na tone moja likiangukia mahali pamoja kila siku linatosha kuanzisha bonge.

Mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje, naitumia na naisifu. Wadudu wanakosa hewa wanakufa, dumuzi akiwamo, na bila wadudu nafaka haipati joto wala matundu. Ila mfuko huo unafunga kila kitu, pamoja na maji uliyoyaacha ndani. Ukiweka mahindi ya asilimia 16 utakuta matone upande wa ndani wa nailoni, na harufu ya pombe ukifungua. Funga nailoni moja moja, isokote shingo, ikunje, ifunge kamba. Na usiwe unafungua kila wiki kuchungulia. Mfuko wa chakula cha nyumbani uwe mdogo, wa kuisha haraka.

Sasa sehemu ngumu, kutupa. Ni ngumu kwa sababu sumu yenyewe haionekani wala hainuki. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, yaani katika magunia kumi ya kilo 100, miligramu 10 za sumukuvu zinatosha kufikisha mpaka. Hiyo haifiki hata chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Mahindi yanaweza kuwa meupe na safi kwa macho yakawa yamevuka. Uhakika wa kweli unapatikana maabara, na ukipeleka sampuli chota sehemu nyingi za kila gunia uchanganye, maana sumu hukaa kwenye punje chache, na gunia la jirani linaweza kuwa zima kabisa.

Macho hayatoshi kusema nafaka ni salama. Lakini yanatosha kusema hii haifai. Gunia likiwa na joto katikati, likitoka bonge, likinuka uvundo wa nguo iliyokunjwa mbichi, au likiwa na vumbi la kijani au manjano yaliyokoza lililosambaa, mimi silichambui. Linakwenda lote. Bonge likiwa dogo pembeni, tuseme palipodondokewa na bati, naondoa bonge na kila kilicholizunguka hadi pale ambapo punje zinateleza na zina harufu ya mahindi, kisha kinachobaki nachambua punje kwa punje kwenye ungo mchana.

Katika kuchambua karanga toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizochipua. Zipasue chache nzuri katikati pia. Ukungu hupenda kujificha kati ya zile pande mbili za punje wakati nje ni safi. Usionje. Najua sote tumekua tukijaribu karanga kwa ulimi, na chungu tunaitema, lakini isiyo chungu si lazima iwe salama.

Yale uliyotoa ndiyo yenye sumu nyingi kuliko yote, na hapo ndipo utakapobembelezwa. Mmoja atataka ya kusaga siagi ya karanga, mwingine ya kukamua mafuta, mwingine ya pombe. Kuosha hakuondoi. Jua huukausha ukungu, sumu inabaki. Kuchemsha ugali au kukaanga hakufiki joto la kuivunja. Kukoboa mahindi kunapunguza, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye kiini na ganda, lakini basi imehamia kwenye pumba, na pumba anakula ng'ombe anayekamuliwa.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu katika mkoa huu wa Dodoma na Manyara, Chemba, Kondoa na Kiteto zikiwamo, na 20 wakafariki. Macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika. Walikula mahindi ya nyumbani kwao. Kwa hiyo ukiona manjano kwa watu wa nyumba moja, sahau dawa za kienyeji, wapeleke hospitali na ubebe kopo la kile walichokuwa wanakula.

Karanga zangu zile za gunia sita nilizichambua siku mbili. Gunia mbili zilikwenda zote, nne nikaziokoa baada ya kuzitoa mbaya zake. Nilichimba shimo la kufika kiunoni nyuma ya stoo, nikajifunga kitambaa puani kwa sababu ya lile vumbi, nikamwaga na kufukia. Nikiwa nashindilia udongo, jirani akaja na ndoo. "Mzee, si ungenipa hata za kuku?" Nikamwambia kuku wake wafe kwa kideri, si kwa karanga zangu. Alinuna mwezi mzima.